Kisima 611 au 447? Kutengeneza faharasa ya istilahi kutoka ripoti ndefu ya PDF

*"Habari mtaalamu. Nina ripoti ya PDF ya kurasa 214, ya Kiswahili, ni tathmini ya visima na ubora wa maji. Bosi anataka faharasa ya istilahi zinazojirudia, kila moja na idadi ya mara ilizotokea. Nimeanza na neno kisima, Ctrl+F inaniambia 611, nikakopi maandishi yote nikapesti kwenye tovuti ya kuhesabu maneno ikaniambia 447. Ipi ni sahihi? Na nikishapata idadi najuaje lipi ni istilahi na lipi niliache? Faili nimeambatanisha."*

Zote mbili sio sahihi ndugu yangu, na sio kwamba kompyuta imekosea kuhesabu. Kila moja imehesabu kitu tofauti na hakuna hata moja iliyohesabu kile bosi wako anachokitaka. Nimelifungua faili lako nikalipitia, na kwa vile neno kisima limebeba karibu matatizo yote ya kazi hii ngoja nianze nalo hilohilo, tukishalimaliza mengine yatafuata njia hiyohiyo.

Ctrl+F haitafuti neno, inatafuta mfuatano wa herufi. Ukiandika kisima inakuletea popote herufi k-i-s-i-m-a zilipofuatana, hata zikiwa katikati ya neno lingine kabisa. Sasa ripoti yako imejaa sentensi za "kamati ikisimamia ukarabati" na "mafundi wakisimamia pampu", hebu liangalie neno wakisimamia vizuri: wa-KISIMA-mia. Kwenye faili lako maneno ya namna hiyo yapo 94, na hayana uhusiano wowote na shimo la maji. Ctrl+F imechukua pia kisimani mara 58, hiyo ni halali kabisa, na kisima iliyogandana na namba ya tanbihi, yaani kisima3, kisima17 na wenzao, mara 12. Ile tovuti yenyewe inakata kwenye nafasi kati ya neno na neno, kwa hiyo wakisimamia imeliacha, vizuri, lakini kisimani na kisima3 nazo imezifanya maneno mengine. 447 jumlisha 94 jumlisha 58 jumlisha 12 ndo hiyo 611 yako. Tofauti yote imeisha hapo.

Lakini hata hiyo 447 ina uchafu mkubwa ndani yake. Juu ya kila ukurasa kuanzia wa 9 hadi wa 214 kuna kile kimstari kidogo cha "Ripoti ya tathmini ya kila kisima". Kurasa 206, mara 206. Ukizitoa zinabaki 241 za ndani ya maandishi yenyewe. Halafu kuna 9 ambazo hakuna aliyeziona kwa sababu neno limekatwa mwisho wa mstari, "kisi-" huku na "ma" mstari wa chini. Rudisha hizo 9 na zile 12 za tanbihi, unapata 262. Ongeza kisimani 58, halafu ongeza kile ambacho hukukitafuta kabisa, yaani visima mara 187 na visimani mara 21, manake msomaji wa faharasa hatataka kuona kisima na visima kama istilahi mbili. Jumla 528. Hiyo ndo namba ya kuandika, na unaona haifanani na yoyote kati ya zile mbili ulizokuwa unazilinganisha.

Sasa tuje kwenye namna ya kufanya hivyo kwa maneno yote bila kuhesabu kwa kidole.

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba PDF haihifadhi maneno. Inahifadhi maagizo ya kuchora: weka herufi hii hapa, ile pale, kwa fonti hii. Neno, mstari, aya na safu ni vitu ambavyo programu inakisia baadaye kwa kuangalia umbali kati ya herufi. Ndo maana ukikopi na kupesti unapata kimstari cha juu ya ukurasa kimedondokea katikati ya sentensi, au safu mbili zimechanganyika. Kwa hiyo usikopi kwa mkono, tumia `pdftotext`, ni programu ndogo ya bure inayokuja na kifurushi cha Poppler, na raha yake ni kwamba unaweza kuiambia isome sehemu fulani tu ya ukurasa. Fungua terminal, anza na `pdfinfo ripoti.pdf` uone ukubwa wa ukurasa. Wako ni A4, upana pointi 595 na urefu 842. Kimstari cha juu kimekaa ndani ya pointi 60 za kwanza na namba ya ukurasa iko kwenye 60 za mwisho, basi tunaviacha vyote nje:

```
pdftotext -enc UTF-8 -f 9 -l 198 -x 0 -y 60 -W 595 -H 720 ripoti.pdf mwili.txt
```

Kabla hujaiamini ijaribu kwenye ukurasa mmoja mmoja, weka `-f 40 -l 40` na mwishoni badala ya `mwili.txt` weka `-` ili maandishi yatoke palepale kwenye skrini. Fanya hivyo kurasa tano sita za sehemu tofauti, hasa zenye jedwali na zile zilizolazwa kwa upana, manake kwenye kurasa zilizolazwa vipimo hivyo vya kukata vinaweza kula maandishi halali. Angalia mstari wa kwanza na wa mwisho wa kila ukurasa: ukianza katikati ya sentensi ambayo haikuanzia ukurasa uliopita ujue umekata zaidi ya inavyotakiwa. Na watu wengi hupenda kuongeza `-layout` kwa sababu inatoa maandishi yaliyojipanga vizuri machoni, lakini kwa kuhesabu usiiweke, inapanga safu mbili bega kwa bega na mstari mmoja unakuwa nusu ya sentensi hii na nusu ya ile.

Nimeishia ukurasa wa 198 makusudi. Kuanzia 199 ni viambatisho, nitarudi huko.

Ukishapata `mwili.txt` kuna usafi wa herufi unabaki, na huu watu huuruka kwa sababu hauonekani kwa macho. Baadhi ya fonti huchora f na i kama herufi moja iliyoungana, kwa hiyo "maji safi" kwenye faili linaweza kuwa na herufi tatu tu kwenye neno safi na hesabu yako ikalikosa. Kuna vikato laini visivyoonekana. Na kuna ile alama ya ng', kwenye ripoti yako ung'avu wa maji umeandikwa kwa alama iliyonyooka sehemu nyingine na iliyopinda sehemu nyingine, kompyuta inaona maneno mawili, na skripti nyingi za kwenye mtandao ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya Kiswahili zinalikata kabisa kwenye alama unabaki na "ung" na "avu". Ukiona vipande kama hivyo kwenye orodha yako ujue ni hapo pamevunjika. Skripti hii ya Python inashughulikia yote hayo na inahesabu mambo mawili kwa pamoja, mara ngapi neno limetokea na kwenye kurasa ngapi tofauti:

```python
import re, unicodedata
from collections import Counter, defaultdict

mara, kurasa, virai = Counter(), defaultdict(set), Counter()
V = {"wa", "ya", "la", "cha", "vya", "za", "pa"}
yote = open("mwili.txt", encoding="utf-8").read()

for n, uk in enumerate(yote.split("\f"), 9):
    uk = unicodedata.normalize("NFKC", uk).lower().replace("’", "'")
    uk = re.sub(r"([a-z])[-\u00ad]\n([a-z])", r"\1\2", uk)
    uk = uk.replace("\u00ad", "")
    m = re.findall(r"[a-z]+(?:['-][a-z]+)*", uk)
    for neno in m:
        mara[neno] += 1
        kurasa[neno].add(n)
    for i in range(len(m) - 2):
        if m[i+1] in V:
            virai[" ".join(m[i:i+3])] += 1
            if i + 4 < len(m) and m[i+3] in V:
                virai[" ".join(m[i:i+5])] += 1

for neno, x in mara.most_common(1500):
    print(neno, x, len(kurasa[neno]), sep="\t")
```

Ile `\f` ni alama ambayo `pdftotext` inaiacha mwisho wa kila ukurasa, ndo inayotuwezesha kujua neno liko ukurasa upi, na tumeanza kuhesabu na 9 kwa sababu maandishi yameanzia ukurasa wa 9. Matokeo yapesti kwenye Excel. Ukitaka virai, badilisha kitanzi cha mwisho kisome `virai.most_common(800)` na uchapishe kirai na idadi tu.

Sasa kuunganisha maumbo, kisima na visima, bomba na mabomba, mkondo na mikondo. Hapa nakuomba sana usijaribiwe kuandika kanuni ya kukata viambishi kwa nguvu. Inaonekana rahisi, geuza vi- iwe ki-, mi- iwe m-, ondoa ma-, ondoa -ni ya mwisho. Kwenye ripoti yako ingetokea hivi: mabomba inakuwa bomba, sawa, lakini maji inakuwa "ji". Kisimani inakuwa kisima, sawa, lakini madini inakuwa "di" na chini inakuwa "chi". Mikondo inakuwa mkondo, ila mita inageuka "mta". Na yakitokea makosa hayo huyaoni mara moja, yanajificha ndani ya jumla za maneno mengine. Fanya kwa mkono kwenye Excel, ongeza safu ya "kichwa", yaani umbo litakalosimama kwenye faharasa, na kila umbo liandikie kichwa chake, halafu jumlisha kwa safu hiyo. Sio kazi kubwa kama inavyosikika. Kwenye maandishi yoyote marefu sehemu kubwa ya maumbo tofauti hutokea mara moja au mbili tu, na kwa Kiswahili ambako kitenzi kimoja kinavaa sura nyingi (kinachimbwa, kilichochimbwa, vimechimbwa) ni zaidi, kwa hiyo ukiyaacha kwanza yaliyo chini ya mara 3 unabaki na orodha ya kazi ya nusu siku. Ila zile kurasa tofauti usizijumlishe kama unavyojumlisha mara, ukurasa wenye kisima na visima utahesabiwa mara mbili. Kwa istilahi chache za mwisho rudia hesabu ya kurasa baada ya kuunganisha.

Vitenzi usiviunganishe na nomino. Uchimbaji ni istilahi, mchimbaji ni mtu, kuchimba ni kitendo cha kawaida tu, ukivitia kwenye kapu moja namba inakuwa kubwa lakini haielezi kitu.

Kuna ushauri mmoja umezagaa sana wa kwamba hatua ya kwanza ni kufuta maneno madogo kama na, ya, wa, cha, kwa. Kwa Kiswahili ushauri huo unaua kazi. Istilahi zetu nyingi za kitaalamu sio neno moja, ni nomino ikiunganishwa na nomino kwa kile kineno kidogo: kiwango cha maji, tabaka la maji, ubora wa maji ya ardhini. Ukifuta cha na la na wa umevunja daraja lenyewe, unabaki na kiwango, tabaka, ubora na maji kila mmoja kivyake, na msomaji wa faharasa hana cha kufanya na neno "ubora" peke yake. Ndo maana kwenye skripti sijafuta kitu, nimevitumia hivyo vineno kama alama ya kunasa virai vya maneno matatu na matano. Neno "kwa" nimeliacha nje makusudi, hilo ukilitia linakuletea takataka za "maji kwa ajili" na "mita kwa saa". Virai visivyo na kiunganishi kama maji safi au kisima kirefu hutavipata hapa, vitafute ukishajua nomino zako kuu, angalia tu neno gani linafuata mara nyingi.

Na virai usivipeleke kwenye umoja kabla ya kuvihesabu, manake kiunganishi kinafuata nomino. Viwango vya maji ukigeuza neno la kwanza tu unapata "kiwango vya maji", kirai ambacho hakuna binadamu amekiandika. Hesabu kama vilivyo kisha unganisha mistari miwili kwenye Excel.

Ukishaangalia orodha ya virai utakutana na tatizo la kirai kidogo kukaa ndani ya kikubwa, na hili nalipenda kulieleza kwa sababu ndipo idadi tupu inapodanganya zaidi. Kwenye faili lako "maji ya ardhini" ina 96. Ndani ya hizo, 41 ni kipande cha "kiwango cha maji ya ardhini" na 22 ni kipande cha "ubora wa maji ya ardhini". Zinabaki 33 ambazo imesimama yenyewe. Hiyo ni istilahi halali, inajitegemea na pia inajenga wenzake. Sasa linganisha na "uwezo wa tabaka", ina 27, namba sio mbaya, ungeweza kuiweka. Lakini ukiangalia zote 27 ziko ndani ya "uwezo wa tabaka la maji", hakuna hata mara moja mwandishi ameandika uwezo wa tabaka akanyamaza. Hicho sio istilahi, ni kipande kilichokatwa na dirisha letu la maneno matatu. Njia rahisi ya kupima ni kuchukua mara zote za kirai kidogo ukatoa wastani wa mara za virai vikubwa vinavyokibeba. Maji ya ardhini: wastani wa 41 na 22 ni 31.5, 96 toa 31.5 inabaki 64.5, kinaishi. Uwezo wa tabaka: 27 toa 27 ni sifuri, kitoe. Wataalamu wa istilahi huongeza na uzito wa urefu wa kirai, ila kwa ripoti moja huo utoaji peke yake unatosha. Na kwenye faharasa andika ile 96, kwa maelezo kwamba 33 ni za peke yake. Hiyo 64.5 ni ya kuamulia tu, isitoke mezani kwako.

Tukija kwenye swali lako la pili, lipi ni istilahi. Idadi kubwa peke yake haikuambii. Mradi ni moja ya maneno ya juu kabisa kwenye orodha yako na sio istilahi ya maji, ni neno la ripoti yoyote. Namna nzuri ya kuyachuja ni kutafuta ripoti nyingine ndefu ya mambo tofauti kabisa, elimu au barabara, ukaipitisha kwenye skripti hiyohiyo na kulinganisha kwa kila maneno 10,000. Maneno kama mradi, jumla, mwaka, wananchi, mapendekezo yatakuwa karibu sawa pande zote, yatoe. Kisima, tabaka, chumvichumvi, uchujaji yataanguka hadi chini au kupotea kabisa upande wa pili, hayo ndo yako.

Kisha angalia safu ya kurasa. Elektrodi kwenye hesabu ya mwanzo ilikuwa na mara 58 ukadhani ni nguzo ya ripoti, kumbe zote ziko kwenye kurasa 4 za maelezo ya upimaji wa ardhi kwa umeme. Uchujaji una mara 34 tu lakini umetawanyika kurasa 29. Kwa msomaji anayefungua ripoti popote, uchujaji una haki ya kwanza. Elektrodi sijasema uitoe, kama faharasa ni ya mafundi watakaosoma sehemu hiyo iache, ila usiipange juu kwa sababu ya ile 58.

Mimi kwa faili lako nilianza na kila kichwa chenye mara 5 au zaidi kwenye kurasa 3 au zaidi, nikapata kama 340, na baada ya kuzisoma moja moja zilizobaki kuwa istilahi za kweli hazikufika 70. Sasa hapo ongeza kundi lingine ambalo hesabu haitakupa kamwe, istilahi zinazotokea mara 2 au 3 tu lakini mwandishi ameona lazima azieleze. Hizo zinajitambulisha zenyewe, tafuta kwenye `mwili.txt` maneno "yaani", "maana yake", "hujulikana kama", "huitwa", pamoja na vifupisho vya herufi kubwa. Kila palipo na yaani kuna uwezekano mwandishi amekupa fasili ya bure.

Sehemu inayobaki ndo ngumu na hakuna skripti ya kuifanya: kusoma mistari. Kwa kila istilahi unayotaka kuiweka toa mistari yote ilipotokea, maneno kama nane kabla na nane baada, usome hata 20 tu kama iko nyingi. Niliwahi kumkabidhi mhandisi mmoja faharasa ambayo neno "kina" liko nafasi ya tatu, akaniuliza ripoti nzima imetaja vina vingapi maana yeye hakumbuki kupima mara zote hizo. Tangu siku hiyo sitoi namba bila kusoma mistari. Kwenye ripoti yako kina ina 133, lakini 39 ni "wa kina" na "kwa kina", uchunguzi wa kina na kadhalika, na 6 ni kina mama. Kina cha kisima chenyewe ni 88. Mita ndo kabisa: 402, ambapo 371 inafuatwa na namba, mita 60, mita 45, hicho ni kipimo cha urefu na hakihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote. Zile 31 zilizobaki ni kifaa, mita ya maji, na hiyo ndo istilahi.

Halafu kiwango. Hili lipe siku yake. Mwandishi analitumia kwa maana tatu: maji yamefika wapi ndani ya kisima (kiwango cha maji), maji yanatoka kwa kasi gani (kiwango cha utoaji), na masharti yaliyowekwa ya maji kuwa salama (viwango vya ubora). Umoja una 154 na wingi 71, na kati ya hizo 71 za wingi 58 ni za maana ya tatu. Unaona hatari yake? Tulisema unganisha umoja na wingi, na kwa kisima ilikuwa sahihi kabisa, ila kwa kiwango ukifanya hivyo unapata 225 nzuri ya kupendeza iliyobeba vitu vitatu visivyohusiana. Hapa usiweke kichwa "kiwango" hata kidogo, weka vichwa vitatu vya virai na kila kimoja na idadi yake. Dalili ya kuangalia ni hii: kama sentensi yako ya fasili inalazimika kuwa na "au" katikati, au "pia", ujue umeshika istilahi mbili.

Kinyume chake nacho kipo, kitu kimoja chenye majina mawili. Sura ya 3 inasema "kisima kirefu", sura ya 6 inasema "kisima cha mashine", na kwa jinsi nilivyosoma mistari naona ni kitu kilekile, waandishi wawili tofauti. Lakini hapo ndo mwisho wa ninachoweza kuamua mimi au wewe. Kinaweza kuwa kirefu na hakikuchimbwa kwa mashine. Mtafute mhandisi wa maji aliyeandika au aliyesimamia ripoti, kaa naye ana kwa ana na ile orodha yako ya mashaka, saa moja inatosha, na umuulize maswali ya namna hii tu: hivi viwili ni kimoja? hiki kina maana mbili? Usimpe orodha nzima aisome, atakwambia iko sawa bila kuiangalia. Na kama hiyo faharasa itabandikwa kwenye mkataba au zabuni, fasili zake zitawafunga watu kisheria, hapo pelekea na mwanasheria kabla haijatoka, hasa zile za viwango vya ubora.

Vile viambatisho sasa. Kurasa 199 hadi 206 ni majedwali ya matokeo ya maabara, neno kisima liko kwenye kila safu ya kwanza, kisima 1, kisima 2, hadi chini. Ukiyahesabu namba inapanda sana bila mwandishi kuwa amesema chochote kipya, kwa hiyo nimeyaacha nje. Ila uamuzi wowote utakaofanya uandike chini ya faharasa kwa sentensi moja: idadi ni za kurasa 9 hadi 198, bila vichwa vya kurasa wala viambatisho, umoja na wingi vimeunganishwa. Siku mtu akifungua Ctrl+F akapata 611 atajua kwa nini wewe umeandika namba nyingine. Na hapo nikusahihishie la kwangu la juu, zile 206 za kimstari cha juu na zile 528 nilizitenganisha kwa faili zima ili ilingane na namba zako, ukikata viambatisho kisima kitashuka. Chukua itakayotoka kwenye skripti.

Kurasa 207 hadi 214 ni picha, barua zilizoskaniwa. Jaribu `pdffonts -f 207 -l 214 ripoti.pdf` utaona jedwali tupu, hakuna fonti hata moja, manake hakuna herufi ndani yake, ni picha ya karatasi (kile kimstari cha juu nacho kimo ndani ya picha, Ctrl+F imekiona kwa sababu programu yako ya kusomea inatambua maandishi ya kwenye picha yenyewe). Kama bosi anataka na hizo ziingie itabidi zipitishwe `ocrmypdf --skip-text -l swa` kwanza, lugha ya Kiswahili ikiwa imewekwa kwenye Tesseract, programu inayosoma herufi za kwenye picha, kisha uzisome kwa macho zote nane, kwa sababu kwenye skani hafifu rn inasomeka m na l inasomeka 1. Kwa kurasa nane za barua mimi ningeziacha.